Hisa za mwajiri zinapokomaa: kukatwa hisa, kuuza sehemu au kulipa kodi taslimu

Kampuni za kigeni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la New York au kwingineko zimezoea kuwapa wafanyakazi wao, pamoja na mshahara, ahadi ya hisa ambayo kwenye akaunti za mtandaoni huandikwa RSU. Ahadi hiyo huwafikia pia Watanzania wachache walioajiriwa na matawi ya kampuni hizo huku Nyanda za Juu Kusini, na swali linalowasumbua hujitokeza wiki chache kabla ya hisa kukomaa, pale ukurasa wa dalali unapowataka wachague namna ya kulipa kodi. Machaguo huwa matatu, nayo kwa kawaida huonekana kwa majina haya: `Withhold shares`, yaani mwajiri azuie sehemu ya hisa, `Sell to cover`, yaani dalali auze hisa za kutosha kulipia kodi, na `Pay cash`, yaani mfanyakazi alipe kodi kwa fedha zake. Makala haya yanalinganisha njia hizo tatu kwa mtu anayeishi na kulipa kodi Tanzania Bara, kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya Mmarekani, na mtu wa Mbeya akiyafuata yalivyo anaweza kujikuta na deni.

Kwanza ieleweke kodi hiyo inatoka wapi. Siku mwajiri anapokuahidi hisa, huna hisa yoyote mkononi. Huwezi kuziuza, hupati gawio, na ukiacha kazi kabla ya muda uliowekwa ahadi hufutika, kwa hiyo siku hiyo hakuna kodi. Siku ya kukomaa, masharti yakiwa yametimia, hisa huandikwa kwa jina lako, na hapo ndipo umepokea kitu chenye thamani kutokana na ajira yako. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inayahesabu manufaa yasiyo ya fedha taslimu yanayotokana na ajira kuwa sehemu ya mapato ya ajira, na thamani yake hupimwa kwa bei ya soko. Ni sawa na mwajiri wa Uyole anayeamua kukulipa kwa magunia ya viazi: kodi itahesabiwa kwa bei ya gunia siku ulipokabidhiwa, hata kama wewe uliyaweka stoo ukisubiri bei ipande, na bei ikianguka baadaye, kodi ya siku ile haipungui.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito wa ulinganisho wote. Kodi hufungwa kwa bei ya siku moja, lakini hisa zako huendelea kupanda na kushuka kila siku baada ya hapo.

Tuchukue mfano wa mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na tawi la kampuni ya aina hiyo, anayeishi Mbeya mjini na kuzungukia wakulima wa Mbarali na Rungwe. Mshahara wake unaotozwa kodi, baada ya kuondoa mchango wake wa pensheni, ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Mwezi huu hisa zake 120 zinakomaa, bei ya hisa siku hiyo ni dola 42, na kwa urahisi wa hesabu tuchukulie kwamba dola moja ni shilingi 2,500. Hisa moja basi ina thamani ya shilingi 105,000, na zote 120 zina thamani ya shilingi 12,600,000.

Kwa viwango vya PAYE vya Tanzania Bara, mapato ya mwezi yakizidi shilingi 1,000,000 kodi ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi. Mshahara wake wa kawaida hivyo hukatwa shilingi 728,000. Mwezi wa kukomaa, mapato yake yanakuwa shilingi 15,600,000, na PAYE inapanda hadi shilingi 4,508,000. Tofauti, yaani kodi iliyoletwa na hisa peke yake, ni shilingi 3,780,000, ambayo ni asilimia 30 kamili ya thamani ya hisa kwa kuwa mshahara wake ulikwisha kufika ngazi ya juu. Mtu ambaye mshahara wake uko chini ya milioni moja angepita kwanza kwenye ngazi za chini, na wastani wake ungekuwa pungufu kidogo.

Tazama sasa tatizo lilipo. Kodi ya mwezi ni shilingi 4,508,000, na mshahara wote ni shilingi 3,000,000. Hata mwajiri akichukua mshahara mzima, kodi haitoshi kulipwa, na mwajiri anatakiwa kuiwasilisha TRA kabla ya siku 7 kupita baada ya mwezi kwisha. Ndiyo maana chaguo la namna ya kulipa haliwezi kuachwa hadi dakika ya mwisho, na ndiyo maana nashauri kila mfanyakazi afanye hesabu hii mapema akiwa na hati yake ya mshahara mkononi.

Kukatwa hisa

Katika njia ya kwanza, kampuni hukupa hisa chache kuliko zilizokomaa na badala yake huilipa kodi kwa fedha zake. Kwa mfano wetu, kodi ya shilingi 3,780,000 ikigawanywa kwa shilingi 105,000 inatoa hisa 36 kamili. Mtaalamu wetu anapokea hisa 84, hana deni, na hakuna chochote kilichouzwa sokoni.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba bei inayotumika kukata hisa kwa kawaida ndiyo ile ile inayotumika kuhesabu kodi. Hakuna nafasi ya bei kuteleza kati ya saa moja na nyingine, wala hakuna ada ya dalali. Isitoshe, kwa kuwa hakuna mauzo sokoni, njia hii haiathiriwi na vile vipindi ambavyo kampuni huwakataza wafanyakazi kuuza hisa, hasa majuma yanayotangulia kutangazwa kwa matokeo ya robo mwaka. Hisa zikikomaa ndani ya kipindi hicho, kazi inaendelea kama kawaida.

Kasoro yake ni kwamba si kila kampuni huiruhusu, kwa sababu inaitaka kampuni itoe fedha taslimu yenyewe. Hesabu isipogawanyika sawasawa, mfumo hukata hisa nzima ya mwisho na kilichozidi kinapaswa kurudi kwako kupitia mshahara. Ni kiasi kidogo, lakini ni chako na uulize kimekwenda wapi.

Kuuza sehemu

Njia ya pili inafanana na ya kwanza kwa sura, lakini ndani yake kuna mauzo halisi. Hisa zote 120 huingia kwenye akaunti yako, kisha dalali anauza sokoni kiasi kinachotosha na kutuma fedha kwa mwajiri. Hapo bei mbili zinakutana: bei iliyotumika kuhesabu kodi, na bei ambayo dalali aliipata kweli.

Tuseme soko lilifunguka vibaya na dalali akauza kwa dola 40 badala ya 42, na ada yake ni dola 8. Kodi inayodaiwa haijabadilika, bado ni shilingi 3,780,000 au dola 1,512. Ili kupata kiasi hicho baada ya ada, inabidi kuuza hisa 38, zinazoleta dola 1,520. Mtaalamu wetu anabaki na hisa 82 badala ya 84. Bei ingepanda hadi dola 44, hisa 35 zingetosha na angebaki na 85, pamoja na salio la dola 20. Kwa mtu mmoja tofauti hii si kubwa, na kwa miaka mingi huenda ikasawazika; naitaja kwa sababu watu huiona kwenye taarifa ya dalali na kudhani wameibiwa, kumbe ni soko tu limesogea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika njia hii ni muda. Tangu Mei 2024 mauzo ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, ambapo zamani zilikuwa siku mbili, kwa hiyo upande wa soko una kasi. Baada ya hapo fedha lazima zisafiri kutoka kwa dalali hadi kampuni mama, kisha hadi tawi la Tanzania, zibadilishwe kuwa shilingi, ndipo zilipwe TRA. Hisa zikikomaa tarehe 15 nafasi inatosha. Zikikomaa siku mbili za mwisho wa mwezi, ofisi ya mishahara inakuwa na wiki moja tu, na ikiwa fedha zimechelewa njiani, kuna uwezekano mshahara wako ukaguswa kwanza na urudishiwe baadaye. Uliza jambo hili kabla, kwa maandishi.

Kuna pia fomu inayosahaulika mara nyingi, nayo ni W-8BEN. Kwa fomu hiyo unamthibitishia dalali wa Marekani kwamba wewe si mkazi wa Marekani kwa madhumuni ya kodi. Ikikosekana au ikiisha muda, dalali anaweza kulazimika kuzuia asilimia 24 ya mapato yote ya mauzo na kuyapeleka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, hata kama hukupata faida yoyote. Katika mauzo ya dola 1,520, hiyo ni karibu dola 365 iliyoondoka, na kodi ya Tanzania inabaki na pengo la kiasi hicho hicho. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka iliposainiwa, hivyo aliyeisaini mwaka 2023 anapaswa kuwa na mpya kabla ya mwaka 2027 kuanza. Mwenye kukatwa hisa naye ataihitaji siku atakapouza, ila anayechagua kuuza sehemu anaihitaji siku ile ile ya kukomaa.

Kulipa taslimu

Njia ya tatu huwavutia wengi kwa sababu hisa zote 120 zinabaki. Mtu huona kwamba wengine wamepoteza hisa 36 na yeye hajapoteza kitu. Mtazamo huo una upungufu. Mtaalamu wetu akitoa shilingi 3,780,000 mfukoni mwake ili abaki na hisa 36 ambazo zingekatwa, kwa hesabu amenunua hisa 36 kwa bei ya siku hiyo, shilingi 105,000 kila moja. Swali la kujiuliza basi ni hili: kama hisa hizi zisingehusiana na ajira yangu, je, ningezitoa akiba zangu leo na kununua hisa 36 za kampuni hii moja?

Bei ikipanda, atafurahi. Ikishuka hadi dola 28, yaani kwa theluthi moja, hisa zile 36 zitakuwa na thamani ya shilingi 2,520,000 wakati alizilipia 3,780,000. Amepoteza shilingi 1,260,000 zaidi ya aliyekatwa hisa, na hasara hiyo hairudi kupunguza kodi ya mshahara aliyokwisha kuilipa. Ikumbukwe pia kwamba mshahara wake unatoka kwa kampuni hiyo hiyo: kampuni ikiyumba, bei ya hisa na usalama wa kazi hushuka pamoja.

Hali inakuwa mbaya zaidi fedha zikiwa za mkopo. Tuseme amekopa shilingi 3,780,000 kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na atalipa yote mwisho wa mwaka. Ili zile hisa 36 zimrudishie tu alichotoa, bei inapaswa kupanda kutoka dola 42 hadi takribani dola 49.56 katika miezi 12, kabla ya kuhesabu kodi ya faida hiyo. Sioni sababu ya mfanyakazi wa kipato cha mshahara kujiingiza hapo. Njia ya taslimu inamfaa mtu ambaye akiba yake ni kubwa, hana mkopo wa riba, na sehemu ndogo tu ya mali yake iko kwenye hisa za mwajiri. Huyo anaweza kuichagua kwa makusudi, akijua anafanya uwekezaji mpya.

Kwa maoni yangu, basi, pale kampuni inaporuhusu njia zote tatu, kukatwa hisa ndiko kunakomfaa mfanyakazi wa kawaida. Isiporuhusu, kuuza sehemu kunakaribia kuwa sawa, mradi W-8BEN iko hai na chaguo limewekwa mapema, kwa kuwa kampuni nyingi hupokea mabadiliko ya chaguo hilo wakati tu wafanyakazi wanaruhusiwa kufanya biashara ya hisa.

Hisa zilizobaki: kuuza au kutunza

Baada ya kodi ya kukomaa kulipwa, hisa 84 zilizobaki zina gharama yake kwa ajili ya kodi, nayo ni bei ile ile iliyokwisha kutozwa, shilingi 105,000 kwa hisa. Ukiziuza siku hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo, hakuna faida na hakuna kodi mpya. Wengi hudhani kusubiri kutawapunguzia kodi ya kukomaa; haiwezekani, kwa sababu imekwisha kuhesabiwa.

Ukizitunza na kuuza baadaye kwa bei ya juu zaidi, kinachotozwa ni ongezeko peke yake. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, hivyo faida ya hisa zilizoko New York inapaswa kuingia kwenye ritani yake ya mwaka. Hapa hisa za nje zinatofautiana na za Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwani mkazi anayeuza hisa zilizoorodheshwa Dar es Salaam hatozwi kodi ya faida hiyo. Aliyepewa hisa na mwajiri aliyeorodheshwa nyumbani ana sababu moja zaidi ya kuzitunza kuliko mwenzake wa New York.

Faida hiyo huhesabiwa kwa shilingi, na hilo huwashangaza watu. Bei ikibaki dola 42 ile ile lakini dola ikapanda kutoka shilingi 2,500 hadi 2,700, hisa moja imetoka shilingi 105,000 hadi 113,400, na ongezeko la shilingi 8,400 limetokana na sarafu pekee. Kwa hiyo andika siku ya kukomaa mambo matatu: bei ya hisa kwa dola, kiwango cha kubadilishia fedha alichotumia mwajiri, na idadi ya hisa zilizobaki. Bila hayo, miaka mitatu baadaye hutaweza kuthibitisha gharama yako, na taarifa za dalali zinaweza kuonyesha gharama kuwa sifuri, jambo ambalo lingefanya thamani yote ionekane faida na itozwe mara ya pili.

Gawio ni suala dogo kwa hisa 84, ila lijulikane: Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, hivyo gawio la kampuni ya Marekani hukatwa asilimia 30 huko huko kabla ya kukufikia.

Kuhakikisha kwamba kodi imelipwa kweli

Hati ya mshahara ya mwezi wa kukomaa ndiyo shahidi wako. Kwa mtaalamu wetu aliyekatwa hisa, upande wa mapato unapaswa kuonyesha mshahara na, kwenye mstari wake, manufaa ya hisa ya shilingi 12,600,000. PAYE inapaswa kusomeka shilingi 4,508,000. Kisha kuwe na mstari unaoyaondoa yale manufaa kwa kuwa hayakulipwa kwa fedha, na mwingine unaomrudishia shilingi 3,780,000 zilizokwisha kulipiwa kwa hisa. Mwisho wake fedha anazopokea, kabla ya makato mengine, ziwe shilingi 2,272,000, sawa kabisa na mwezi wowote wa kawaida.

Fedha hizo zikiwa pungufu sana, maana yake hisa zilikatwa lakini thamani yake haijafika kwenye ofisi ya mishahara, na umelipa mara mbili. Ukiona kwenye akaunti ya dalali kwamba zimekatwa asilimia 22 badala ya 30, mfumo umetumia kiwango cha makato cha Marekani; hisa zilizokatwa zitakuwa 27, na pengo la takribani shilingi 945,000 litatolewa kwenye mshahara wako au litabaki deni.

Dalili mbaya kuliko zote ni PAYE kubaki shilingi 728,000 kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo hutokea pale kampuni mama inapotoa hisa moja kwa moja na tawi la Tanzania halina habari. Mapato hayo bado yanatozwa kodi. Mwandikie mwajiri mwezi huo huo, ukiambatanisha uthibitisho wa dalali unaoonyesha tarehe, bei na idadi, ili ayaingize kwenye PAYE. Asipofanya hivyo, yaonyeshe mwenyewe kwenye ritani ya mwaka, ambayo kwa mtu binafsi inatakiwa kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na uziuze mara moja hisa 36 uiweke fedha yake kando kwa shilingi, kwa sababu TRA itaidai kodi ya siku ile ya dola 42 bila kujali hisa zitakuwa bei gani Juni.